UZI: Naomba msaada wa barua ya Kigujarati, nataka kumuomba saplaya wa khanga Jetpur aniongezee muda wa kulipa invoisi

mzee_wa_doti
Wakuu habari za usiku. Mie niko Kariakoo, nauza khanga jumla. Mzigo wangu nautoa Jetpur kule Gujarat, mwaka wa 6 huu na mtu huyohuyo. Mzigo wa mwisho ulikuwa marobota 60, kila robota doti 100, doti dola 2.40, jumla dola 14,400. Nililipa asilimia 30 mwanzoni yaani 4,320, imebaki 10,080 ambayo makubaliano ni siku 90. Sasa hela yangu iko mikoani, kuna watu Tabora na Kahama wamechukua mzigo kwa mali kauli na mpaka leo wananizungusha, nkipiga simu napokelewa na mtoto.

Shida yangu ni hii. Vijana wa pale kiwandani nawasiliana nao kwa Kiingereza cha kuungaunga kwenye wasap, ila mwenye kauli ya hela ni baba yao, mzee wa miaka kama 75, anasoma Kigujarati tu. Mwaka juzi nlichelewa wiki 2 nikatuma imeili, mzee hakuiona kabisa, akahisi nimemdharau, mzigo uliofuata akanikatia mkopo nikalipa taslimu yote. Saa hizi nataka barua ya adabu kwa lugha yake. Bibi mmoja jirani yangu Mhindi amenisaidia draft lakini sina uhakika nayo. Mwenye kujua hizi barua zinaandikwaje anisaidie. Bado nina kama wiki 6 kabla ya dedlaini maana mzigo nimeutoa bandarini tarehe 12 Juni.

kaka_mkubwa_TZ
Mkuu kwanini usiende benki hapohapo Lumumba wakakupa muda, mbona mkopo unarefushwa tu, unajaza fomu wanaku-rishedyuli, mie nilifanya kwa mkopo wa bajaji.

mzee_wa_doti
Sio mkopo wa benki mkuu. Ni deni la mzigo, nadaiwa na mwenye kiwanda. Soma tena.

karani_mstaafu
Mzee wa doti salaam. Nimekaa miaka 22 kwenye ofisi ya Wagujarati hapa Mombasa, kazi yangu ilikuwa daftari na barua, kwa iyo hili naliweza kidogo. Kabla ya lugha, hebu nenda kafungue invoisi yako uangalie siku 90 zinahesabiwa kuanzia wapi. Wewe unahesabu toka siku uliyotoa mzigo bandarini. Sijawahi kuona saplaya wa kule anayehesabu hivyo. Huwa ni toka tarehe ya invoisi au toka tarehe ya BL, ile hati ya meli, yaani siku meli imepakia kwake. Nitajie tarehe zote mbili.

mzee_wa_doti
Duh. Nimeitoa sasa hivi. Invoisi namba 118 ya tarehe 6 Mei. BL ya bandari ya Mundra ni 14 Mei. Chini wameandika kidogo sana siku 90 toka tarehe ya BL.

karani_mstaafu
Basi hesabu na mimi. Toka 14 Mei, siku 17 za Mei, 30 za Juni, 31 za Julai, tumefika 78, zinabaki 12. Deni lako linaiva tarehe 12 Agosti. Leo ni 30 Julai 2025. Huna wiki 6 bwana, una siku 13.

Na hapo ndo roho ya barua yenyewe ilipo. Mzee wa Kigujarati ukimwandikia kabla deni halijaiva, wewe ni mfanyabiashara anayepanga. Ukimwandikia siku moja baada, wewe ni mdaiwa anayejitetea, hata maneno yawe yaleyale. Nimeona barua mbovu kabisa za watu zikikubaliwa kwa sababu zilifika mapema, na barua nzuri zimetupwa pembeni.

dogo_wa_rajkot
Nipo Rajkot nasoma, Jetpur sio mbali na huku. Naongezea tu, Agosti kuna kitu wanaita Satam Aatham, ni siku za sikukuu ya Janmashtami, mwaka huu Janmashtami yenyewe tarehe 16. Saurashtra yote, ukanda wetu huu wa Rajkot na Jetpur, inafunga siku kadhaa, maonyesho, watu wanaenda vijijini kwao, mwaka jana nlitafuta hata fundi simu nikakosa. Barua ikifika tarehe 13 au 14 italala mpaka wiki inayofuata na wewe utakuwa ushapita dedlaini. Tuma wiki hii.

jini_la_forodha
Mnamtisha bure. Anachotakiwa kuogopa ni sheria. India kuna sheria ya mwaka 2006 ya viwanda vidogo, mnunuzi lazima alipe ndani ya siku 45, akipitisha anatozwa riba mara 3 ya riba ya benki kuu yao na inalimbikizwa kila mwezi. Kwa hiyo hata hizo siku 90 ni batili, mzee anaweza kukudai riba toka siku ya 46. Usiandike barua yoyote ya kukiri deni, utajifunga mwenyewe.

karani_mstaafu
Jini, nusu uko sawa nusu umeteleza. Sheria ipo, siku 45 zipo kama kuna mkataba wa maandishi na 15 kama haupo, na hiyo riba ya mara 3 ipo. Ila ile imetungwa kwa wanunuzi wa ndani ya India wanaonunua kwa viwanda vidogo. Mtu wa Kariakoo hakamatwi nayo, na makubaliano yake ya siku 90 na mzee ni yao wawili.

Lakini usiitupe, maana inaeleza kwa nini mzee amekuwa mkali siku hizi. Toka Aprili 2024 kodi ya mapato ya kule imeongezewa kifungu, kinaitwa 43B(h), kwamba mfanyabiashara asipomlipa mwenye kiwanda kidogo ndani ya muda ule, yale manunuzi hayahesabiki kama gharama mpaka mwaka atakapolipa kweli. Sasa fikiria huyo mzee. Yeye naye ananunua kitambaa kibichi kwa wafumaji, wengi wao wadogo. Kwao anabanwa siku 45, kwako amekupa 90. Huo mwanya wa katikati anauziba kwa mfuko wake au kwa hela ya benki yenye riba. Ndo maana ukimwandikia barua yenye tarehe, anaweza kupanga. Ukimwandikia "nivumilie kidogo" hana la kufanya nayo.

Na habari ya kukiri deni. Ni kweli, kwa sheria ya kule barua uliyosaini ya kukubali deni kabla muda haujapita inaanzisha upya ile miaka 3 ya kudai mahakamani. Ila jamani, mtu anayetaka marobota mengine 60 kabla ya Idi anaogopa nini kukiri deni ambalo lipo? Kukiri ndo kunakomfanya mzee alale usingizi.

binti_upanga
Jamani mmenikumbusha mbali. Mimi ni Mgujarati wa Upanga, saizi naishi Leicester. Mzee wa doti tupia hiyo draft ya bibi tuione, andika tu kwa herufi za kawaida kama unavyoisikia.

mzee_wa_doti
Bibi alinisomea nikaandika. Inaanza "Shri Ganeshay Namah", halafu "Kem chho kaka, maja ma?", halafu inasema paisa nathi, hela haipo, dukan ma dhandho nathi, nisubiri mpaka Novemba nitalipa. Na mie nikamwambia aongeze mwishoni habari ya marobota 8 ambayo khanga zake zimekosewa jina. Ilitakiwa SUBIRA YAVUTA HERI wao wamechapa SUDIRA YAVUTA HERI. Doti 800 nzima. Nataka nikate dola 1,920 humohumo.

chogo_la_mtaa
SUDIRA 😂😂😂 na wewe unaomba subira kwa mzee wa Sudira. Hii nayo ni biashara.

mama_vitenge_mwz
Pole baba. Mie walinichapia kitenge ndege wamegeuka miguu juu. Niliuza hivyohivyo nikasema ndo fasheni.

binti_upanga
Haha bibi ni wetu kabisa, huyo anaongea Kigujarati cha Dar, kile cha nyumbani ambacho tunachanganya na fagio, sufuria na mogo humohumo. Kwa kuongea kitamu. Kwa barua ya biashara hapana. Ngoja niseme yanayonikwaza.

"Kem chho, maja ma" ni salamu ya kijiweni, kama umwandikie mzee wa miaka 75 "mambo vipi, poa?". Mzee wa umri huo ukimwandikia unamtanguliza "Murabbi", ndo heshima ya mtu aliyekutangulia, halafu jina lake na "bhai" mwishoni, au "kaka" ikiwa mmezoeana hivyo. Angalieni wasomaji, kaka kwetu ni ndugu wa kiume wa baba, sio kaka wa Kiswahili, kwa iyo hapo unamwita baba mdogo. Na mwili wa barua wote tumia "aap", usitumie "tame", na "tu" usiiguse kabisa.

"Paisa nathi" ndo inayoua. Kwenye Kigujarati cha biashara hakuna anayesema hela haipo. Kuna neno, "naanabhid", maana yake hela imebana, kama watu wamesongamana mlangoni. Lina heshima, kila mfanyabiashara limeshampata. Lakini kwa hali yako hata hilo nisingelitumia. Hela yako ipo, iko kwa watu. Hiyo tunaita "ugharani", yaani ile kazi ya kukusanya madeni, na unasema ugharani imekwama mikoani. Mzee akisoma hivyo anaona duka lako linauza.

karani_mstaafu
Binti hapo umesema. Bosi wangu marehemu alikuwa akiona "naanabhid" kwenye barua ya mteja anachukua penseli anaweka alama ndogo pembeni ya jina kwenye daftari. Akiona "ugharani" haweki.

jini_la_forodha
Mi sikubaliani. Mzee sio mtoto, wote wanajua ugharani ni lugha ya kuficha. Bora useme ukweli biashara mbaya.

binti_upanga
Kama biashara mbaya kweli, sema. Yeye kasema Tabora na Kahama wanamzungusha. Huo ndo ukweli wake.

mzee_wa_doti
Ni ukweli kabisa, nina madaftari. Lakini dada yangu kuna jambo, mie ni Muislamu. Hiyo ya Ganesh juu sitaki kuiandika, bibi aliiweka tu. Na nasikia lazima uweke Jay Shri Krishna. Mzee atachukia nisipoweka?

binti_upanga
Wala. Hiyo mistari ya juu kila mtu anaweka ya kwake. Mhindu anaweka Ganesh au "Shri 1", Mjain salamu yake Jay Jinendra, wa Swaminarayan anasema Jay Swaminarayan, na Wagujarati Waislamu wengi wanaandika 786 juu. Jetpur hiyohiyo ina asili ya Wamemon, Waislamu wenzako, ukoo mzima wanajiita Wamemon wa Jetpur. Mzee anajua wewe ni nani, ukimwandikia Ganesh ataona umeandikiwa na mtu. Weka "Namaste" au "Salaam", basi, mwisho "salaam vanchsho", maana yake zisome salamu zangu. Ni mtindo wa zamani na wazee wanaupenda.

mzee_wa_doti
786 na mie siiandiki, mambo ya hesabu hayo. Nitaweka Salaam.

karani_mstaafu
Turudi kwenye Novemba. Futa hiyo. Diwali mwaka huu ni tarehe 20 Oktoba, na siku ile Wagujarati wanafanya chopda pujan, ibada ya vitabu vya hesabu. Mwaka wao mpya unaanza siku chache hapohapo na maduka yanafunguliwa rasmi Labh Pancham, tarehe 26. Mzee wa aina hiyo anataka afungue daftari jipya jina lako likiwa safi, au angalau kiporo kiwe kidogo. Sasa wewe unamwambia Novemba, yaani unamwambia deni lako livuke kwenye kitabu kipya. Unaweza ukampa hela yote na riba juu bado ikamkera. Je unaweza kumaliza kabla ya hapo? Niambie ukweli wa mfuko wako, sio ndoto.

mzee_wa_doti
Mfukoni saa hizi naweza dola 2,000 na ushee. Septemba katikati Kahama wameahidi, nikiweka nusu ya ahadi yao na mauzo ya dukani napata 4,000. Oktoba mwanzoni tena 4,000 naona inawezekana.

karani_mstaafu
Safi. Basi tarehe 12 Agosti, siku ileile deni linaivia, mpe 2,080 ili ibaki 8,000 kamili. Halafu 15 Septemba 4,000, halafu 10 Oktoba 4,000. Umemaliza siku 10 kabla ya Diwali. Hizo zote ni siku za kazi nimeangalia kalenda. Na malipo ya kwanza uyatume benki mapema, tarehe 6 au 7, maana 8 ni Nane Nane benki zimefungwa, na yanapita benki ya katikati na yanachukua siku 2, 3. Ukiahidi tarehe 12 ikafika 15, umeharibu barua nzima.

Hicho kipande cha kwanza kina nguvu kuliko adabu yote ya maneno. Mtu anayeomba muda mikono mitupu na mtu anayeomba muda huku ametoa kitu, wasomaji wanajua tofauti.

mama_vitenge_mwz
Hapo nakubali. Mie nilimwomba saplaya wangu wa Surat miezi 2, nikaomba vizuuuri, dalali wetu akaniandikia mpaka machozi, jibu likaja nitumie cheki 3 za tarehe za mbele. Nikatuma, ya pili ikarudi benki haina hela. Kumbe kule cheki ikirudi ni kesi ya jinai, waliniandikia notisi nilipe ndani ya siku 15. Nikauza kiwanja. Kwa iyo baba wakikuambia cheki ya mbele usikubali kirahisi.

karani_mstaafu
Mama pole sana. Kule ni kweli, kuna kifungu cha 138 cha sheria yao ya hati za fedha, adhabu inafika kifungo cha miaka 2 au faini mara 2 ya cheki. Mzee wa doti hajaombwa cheki, asijitolee mwenyewe kuitaja.

mzee_wa_doti
Sasa zile Sudira? Dola 1,920 ni hela nyingi jamani. Nilimpigia kijana wake Juni mwishoni akaniambia "joi laishu" mara 3.

binti_upanga
"Joi laishu" ni tutaangalia. Ni jibu ambalo linaweza kukaa mpaka wajukuu 😅

karani_mstaafu
Usiichanganye kwenye barua hii. Malalamiko ya mzigo yakitokea kwa mara ya kwanza kwa maandishi kwenye barua ya kuomba muda, mzee atasoma kitu kimoja tu, kwamba unatafuta sababu. Na ulipiga simu tu, hujaandika. Andika barua ya pili tofauti, weka picha, namba za marobota, doti ngapi umeuza kwa bei ya chini na ngapi zimebaki, na uilekeze kwa kijana anayeshughulika na uchapaji. Kosa la jina ni la aliyechonga skrini ya kuchapia na aliyepitisha sampuli. Hivi wewe sampuli uliipitisha?

mzee_wa_doti
... walinitumia picha kwenye wasap. Nikajibu ok. Sikuiangalia vizuri, ilikuwa ndogo.

karani_mstaafu
Ah. Basi hapo una nusu ya kesi.

jini_la_forodha
Bado nasema akiandika kwamba anadaiwa 10,080 kamili, kesho akidai 1,920 watamwambia ulishakiri mwenyewe kwa saini yako. Karani unampoteza.

karani_mstaafu
Hoja yako hiyo ina uzito, sikatai. Ndo maana nasema barua 2 zitoke wiki moja, ya mzigo itangulie hata kwa siku moja. Ila kama ningekuwa mimi, kwa dola 1,920 ambazo sampuli niliipitisha mwenyewe, ningeomba punguzo kwenye mzigo unaofuata nisubirie. Wengine hawatakubaliana nami, sawa.

jini_la_forodha
Sikubali.

binti_upanga
Nyie endeleeni, mimi naandika. Nimeweka herufi za kawaida, bibi wa jirani atainakili kwa mwandiko wa Kigujarati, mwambie asiongeze kitu hata neno moja. Iandikwe kwa mkono, upige picha safi utume wasap, na nakala ya karatasi uitume pia. Jina la mzee sijaweka.

```
Dar es Salaam, ta. 31/07/2025

Murabbi Shri ______ kaka,
Jetpur

Vishay: bil nambar 118 ni baaki rakam
mate vadhu mudat babat

Salaam.

Jat janavvanu ke aapna bil nambar 118,
ta. 06/05/2025 mujab no maal amne mali
gayo chhe. Bil ni kul rakam dolar 14,400
chhe. Temathi dolar 4,320 chukvaya chhe
ane dolar 10,080, akshare das hajar enshi
pura, baaki chhe, je ta. 12/08/2025 sudhi
ma chukavvana thay chhe.

Haal amari ugharani bahargam atvai hovathi
aakhi rakam ek sathe mokli shakie tem
nathi. Te badal dilgir chhie. Amari namra
vinanti chhe ke aap amne niche mujab
mudat aapo:

ta. 12/08/2025   dolar 2,080
ta. 15/09/2025   dolar 4,000
ta. 10/10/2025   dolar 4,000

Aapno jawab malye aabhari thaishu.

Li. ______ na salaam vanchsho
```

Sasa niwaambie kidogo. "Jat janavvanu ke" haina maana ya peke yake, ni mlango tu, barua yoyote rasmi inaingilia hapo, usipoiweka mzee atahisi umeruka ukuta. "Akshare" ni kwa maneno, kiasi lazima kirudiwe kwa maneno halafu kifungwe na "pura", kama sisi tunavyoandika kwenye risiti "elfu kumi na themanini tu". Hiyo pura inafunga mlango mtu asiongeze tarakimu. "Dilgir" ni kusikitika, imetosha mara moja. Nimeona watu wanaomba radhi kila mstari, inaonekana kama wana jambo lingine wanaficha. "Namra vinanti" ni ombi la unyenyekevu, nayo mara moja.

Na mnaona hayo maneno? Mudat ni muda, baaki ni baki, rakam ndo rakamu, jawab ni jawabu. Mzee wa doti ukimsomea bibi barua hii utaelewa nusu bila mkalimani.

mzee_wa_doti
Nimeisoma kwa sauti na nimeelewa kweli! Mke wangu kacheka. Dada Mungu akubariki.

dogo_wa_rajkot
Kitu kimoja, daftari lao litakuwa kwa rupia. Dola saa hizi kama rupia 87, kwa iyo deni kwao linasomeka 8,76,960. Msishangae hiyo koma, wao baada ya elfu wanahesabu kwa malaki, ni laki 8 na 76 elfu na ushee. Mimi mwezi wa kwanza huku nilisoma ada vibaya nikadhani ni milioni 8 nikampigia mama nikilia. Andika kwa dola tu kama dada alivyofanya, msichanganye, kwa sababu rupia itacheza mpaka Oktoba na tofauti nani ataibeba?

karani_mstaafu
Swali zuri dogo. Invoisi ni ya dola, deni ni la dola, basi.

Nina moja tu la kugombana na binti. Mimi ningepiga simu kwanza. Sio kuomba, kumjulisha tu kijana kwamba kuna barua ya mzee inakuja, amsomee siku hiyohiyo. Barua ya deni ikimfikia mzee bila habari, vijana wanaweza kuificha wasimuudhi.

binti_upanga
Baba yangu angesema kinyume, simu inaharibu, unaulizwa maswali hujajipanga unaropoka tarehe nyingine. Ila kijana kuambiwa sawa. Mzee asipigiwe.

kaka_mkubwa_TZ
Aaah nimeelewa sasa, ni deni la mzigo. Samahani. Lakini kwani hawezi kumtumia hela kwa simu?

mzee_wa_doti
Wakuu narudi na mrejesho, leo 6 Agosti. Barua ya Sudira nilituma tarehe 31, ya mzee nikatuma tarehe 1, mwandiko wa bibi. (Bibi aliongeza mstari mmoja wa kuulizia magoti ya mzee, sikuweza kumzuia.) Hela ya kwanza 2,080 nimetuma leo asubuhi.

Jibu limekuja jana usiku, sauti ya mzee mwenyewe, dakika 4, bibi kanitafsiria. Amekubali ya Septemba kama nilivyoomba. Ya Oktoba anataka iwe tarehe 1 badala ya 10 maana ana malipo ya wafumaji kabla ya sikukuu. Kuhusu riba hakusema kitu na mie sikuuliza. Halafu dakika 2 nzima anaeleza habari ya magoti yake.

Sasa hiyo tarehe 1 Oktoba ndo inanipa homa, Kahama wakinizungusha sitaiweza. Nikubali au niombe tena?

karani_mstaafu
Usikubali tarehe ambayo huiwezi ili umfurahishe. Mwandikie mistari 2, 2,000 tarehe 1 na 2,000 tarehe 10. Jumla ni ileile.

jini_la_forodha
Na Sudira wamejibu nini?

mzee_wa_doti
Joi laishu.

mama_vitenge_mwz
Baba hizo Sudira zilizobaki ni doti ngapi na unatoa kwa bei gani? Niko Mwanza, za kuvaa shamba hakuna anayesoma.